Barua ya Kumwita Mama

Mama akiambiwa kwenye simu "njoo unisaidie mtoto," atakuja kusaidia mtoto. Atampokea mlangoni, atamwogesha, atampakata tangu asubuhi mpaka jioni, na huko uani binti yake aliyejifungua juzi atakuwa ameinamia beseni la nepi. Hapo usimtafute mkosaji. Mama aliombwa kitu kimoja, naye kakifanya kwa moyo wote. Kwa miaka niliyokaa kliniki ya mama na mtoto nimeona hilo mara nyingi, na siku hizi wazazi wapya ninawashauri wakae chini waandike barua, hata kama mama yao ana simu nzuri na salio halimpigi chenga.

Simu ina tabia yake. Mtasalimiana, mtaulizana hali ya baba, kuku na majirani, mama atasema "nitakuja mwanangu, Mungu akipenda," na mtakata bila kujua anakuja lini, anakaa mpaka lini na anakuja kufanya nini. Barua inakulazimisha useme. Tena husomwa mara mbili, na baba naye huisikia, jambo lenye uzito wake pale ambapo yeye ndiye wa kutoa ruhusa na nauli.

Nichukue mfano wa binti mmoja ambaye tuliipanga naye barua yake. Anaishi Kimara, Dar es Salaam, katika vyumba viwili vya kupanga. Mumewe ni dereva. Mtoto ni wa kwanza, wa kike, amezaliwa kwa operesheni akiwa na kilo 3.1. Mama yake yuko Muheza na walikuwa wamekubaliana aje baada ya kuvuna machungwa, ila mtoto hakungoja mavuno. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa baba siku tatu za likizo yenye malipo, nazo azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku zile tatu zilikwisha binti angali wodini. Yeye mwenyewe ana siku zake 84, lakini atakaa nazo na nani?

Jambo la kwanza tulilolizungumza ni nani atakayeisoma barua. Mama yake haoni vizuri herufi ndogo, kwa hiyo barua ingepigwa picha, itumwe kwa wasapu kwenye simu ya mdogo wake wa kiume, naye amsomee mama kwa sauti, pengine baba amekaa pembeni. Fikiria kijana wa miaka kumi na saba akimsomea mama yake habari za damu na matiti ya dada yake! Atayaruka, au atayasoma kwa kunong'ona na mama hataelewa. Tukagawa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu: safari, muda, kazi na mahali pa kulala. Ya pili ni ya mwili, na juu yake aliandika "asome mama mdogo." Mama mdogo anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama.

Karatasi ya kwanza ilianza hivi:

"Mama, shikamoo. Mjukuu wako hajambo, na mimi naendelea vizuri ila kidonda kinauma ninapoinuka kitandani. Nakuomba uje Jumamosi hii. Najua machungwa hayajaisha, ndiyo maana nakuomba wiki zisizofika nne, mpaka mtoto atimize siku 28 na tumpeleke kliniki. Baada ya hapo wifi yangu atakuja kumalizia arobaini. Baba asiwe na wasiwasi na chakula, nimezungumza na mke wa kaka."

Angalia jinsi siku ya kuondoka ilivyotajwa kabla mama hajafunga mzigo. Kuna wanaoona ni utovu wa adabu kumwekea mama tarehe. Mimi naona adabu iko hapo hapo, maana mama wa shamba akiitwa bila mwisho anakuja roho nusu, na wiki ya pili ataanza kuulizia mvua ya Muheza. Binti alitaja pia nani anashika nafasi ya mama nyumbani. Mara nyingi hilo ndilo linalomkwamisha bibi asije, na ni nadra alitamke mwenyewe.

Kisha kazi. Aliyefanyiwa operesheni huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kama sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na mtoto ana tatu. Ukiandika "nahitaji kupumzika," mama atakujibu kwamba yeye alijifungua wanne na siku ya tatu alikuwa mtoni. Ukiandika ndoo, hakuna ubishi:

"Daktari amenikataza ndoo, na bomba letu liko ng'ambo ya uwanja. Nakuomba maji, kufua nepi na kupika. Mtoto wa mchana niachie mimi nimnyonyeshe nikiwa nimelala ubavu, kisha umchukue umcheulishe. Usiku nakuomba zamu: akishanyonya saa nne, wewe umshike mpaka alale, nami nipate usingizi mpaka atakapoamka tena."

Hili la usiku lina maelezo yake. Kichanga hunyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa saa 24, na katika mwezi wa kwanza hajui usiku wala mchana. Kati ya kunyonya na kunyonya, mzazi asiye na msaidizi humcheulisha, humbadilisha nepi, humbembeleza, na anapofumba macho mtoto ameamka. Kumnyonyesha hakuna anayeweza kumsaidia, lakini hayo mengine yote yanawezekana. Mama akizichukua kazi hizo katika zamu mbili tu za usiku, binti hupata saa mbili au tatu za usingizi mfululizo, na kwa mwenye kidonda hiyo ni nafuu kubwa. Akishalala, mtoto alazwe chali mahali pake, pasipo mto wala blanketi zito. Bibi aliyechoka asisinzie naye kwenye kochi, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza akabanwa na mto.

Mahali pa kulala paliwapa kazi kuliko nilivyotarajia. Vyumba ni viwili, na mkwe hawezi kulala ukuta mmoja na mama mkwe, wapishane alfajiri mmoja kajifunga taulo. Nyumba nyingi huliacha jambo hili lijipange lenyewe. Matokeo yake mama hulala sebuleni kwenye mkeka, usiku anaona haya kubisha mlango wa chumbani, na ile zamu ya usiku inakufa siku ya kwanza. Binti alizungumza na mumewe kwanza, ndipo akaandika: "Mkweo amesema yeye atalala sebuleni, wewe utalala chumbani na mimi na mtoto. Ameshaweka pazia la kuelekea bafuni." Lile pazia lilimfurahisha mama kuliko habari nyingine zote za barua.

Karatasi ya pili ndiyo nzito. Mama anakuja na elimu yake, nyingi ni njema, na kiasi kidogo kinaweza kudhuru. Ukimkosoa mbele ya majirani akiwa ameshika kijiko cha maji mkononi, umemvunjia heshima. Ukimwandikia kabla, anakuwa na safari nzima ya kutoka Muheza mpaka kituo cha Magufuli ya kukasirika na kupoa. Usimwandikie orodha ndefu ya makatazo. Chagua machache, na kila unapomnyima kitu mpe kingine cha kufanya.

La kwanza kwa uzito ni maziwa. Siku mbili tatu za mwanzo titi hutoa maziwa ya njano, mazito, machache sana, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mara moja au pungufu. Tumbo la kichanga wa siku moja halihitaji zaidi. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa aliyefanyiwa operesheni yanaweza kuchelewa kidogo. Katikati ya kungoja huko mtoto hulia, hunyonya, huachia, hulia tena, hasa jioni, na hapo ndipo bibi husema "maziwa hayamtoshi huyu" na kutafuta maji ya vuguvugu yenye sukari, au dawa ya chango, au uji mwepesi. Mtoto akishashiba maji ananyonya kidogo. Titi lisiponyonywa linatengeneza kidogo. Baada ya siku chache maziwa kweli yanakuwa hayatoshi, na bibi anajiona alisema ukweli. Zaidi ya hapo, maji na kikombe huleta kuharisha kwa mtoto ambaye titi lingemlinda.

Kumwambia mama "mtoto hapewi kitu mpaka miezi sita" hakumtoshi, kwa kuwa mtoto analia mbele yake na yeye ana masikio. Mpe namna ya kujua. Binti aliandika:

"Mama, kliniki wamenifundisha kuhesabu nepi. Siku ya kwanza akikojoa mara moja inatosha, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano ziwe sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka kwenye weusi kikawa cha njano. Kazi ya kuhesabu ni yako. Zikipungua, tusimpe maji, tumpeleke."

Kazi hiyo ilimpendeza mama. Alikuwa akizianika nepi kwenye kamba ya peke yake ili asichanganye hesabu, na jioni anamtangazia mkwewe idadi. Walipompima mtoto siku ya tatu alikuwa na kilo 2.9, na laiti mama angekuwepo angetaka uji siku ile ile. Kupungua hivyo ni kawaida. Kichanga huweza kupoteza mpaka kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ambayo kwa huyu ni gramu 310, na yeye alikuwa amepoteza 200. Kinachotazamwa ni kurudi: kufikia wiki mbili awe amefika kwenye uzito aliozaliwa nao. Asiporudi, nesi aangalie kwanza anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi wa titi iwe ndani ya mdomo. Akishika chuchu peke yake, mama ataumia na kupata michubuko, na mtoto atanyonya saa nzima asishibe.

Kitovu kiliandikwa kwa mistari miwili. Kiachwe kikavu na wazi juu ya nepi, kisipakwe majivu, mafuta, mate wala wanja, na kitaanguka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Nilimshauri aongeze sababu, kwa kuwa mama ana kumbukumbu ya watoto waliopona kwa majivu: vitu hivyo vinaweza kubeba vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda. Kikitoa usaha, kikinuka, au ngozi inayokizunguka ikawa nyekundu na moto, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

Kukanda kunataka hekima zaidi, maana kwa mama wengi wa kwetu ndiko uzazi wenyewe. Mzazi asiyekandwa anaonekana kaachwa. Maji ya moto sana, kitambaa na mikono yenye nguvu juu ya tumbo, damu mbaya itoke: ndivyo mama alivyofanyiwa. Tumbo la uzazi hata hivyo hurudi lenyewe kwa kujikaza, na mtoto anaponyonya hulisaidia, ndiyo maana mzazi husikia maumivu ya kukata anaponyonyesha. Damu hutoka na kupungua bila kusukumwa. Kwa aliyeshonwa tumboni, kukandamiza na kulowesha kidonda kunaweza kukifungua au kukitia uchafu, na maji yanayofuka yameshaunguza wazazi wengi. Binti hakuandika "sikandwi." Aliandika: "Tumbo wamelikataza kwa sababu ya mshono. Nakuomba unikande mgongo na mabega kwa taulo la moto kiasi, jioni, kama ulivyomkanda dada. Na matiti yakijaa, taulo la vuguvugu kabla ya kunyonyesha, la baridi baada ya hapo." Mama hakunyang'anywa beseni lake, alibadilishiwa tu mahali pa kukanda. Miguu haikutajwa makusudi. Mzazi akivimba mguu mmoja na ukauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, usisuguliwe hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani, na huyo ni wa hospitali.

Moja zaidi lilihusu joto. Mama wa zamani huweka jiko la mkaa chumbani mzazi na mtoto wapate joto, milango imefungwa, na juu yake pengine ubani. Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu, na chumba kidogo cha kupanga kikifungwa kinaweza kuua wote waliomo wakiwa usingizini. Jiko libaki nje. Mtoto apate joto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kanga, kofia kichwani. Bibi naye anaweza kumweka kifuani hivyo hivyo, na nimeona mabibi wanavyolipenda jambo hilo wakishaonyeshwa mara moja.

Chakula tulikipita haraka. Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku, mchicha, maharage, matunda, maji mengi: mama anajua. Vidonge vya kuongeza damu viendelee kama alivyoandikiwa.

Dalili za hatari ziliandikwa mwisho wa karatasi kwa herufi kubwa, ili mama mdogo azisome mara mbili na mama azikariri. Mtoto anayekataa kunyonya au aliyelegea, aliye na joto au aliyepoa mwili mzima, anayepumua mbio mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayeingiza kifua ndani, aliyeshikwa na degedege, au aliyegeuka njano mpaka viganja na nyayo. Njano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza nayo haingojwi. Kwa mzazi ni damu inayolowesha pedi nzima kwa muda usiofika saa moja, homa, kutokwa na uchafu unaonuka, na kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu. Hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu watu hudhani kifafa cha mimba huisha mtoto akishatoka. Kinaweza kuja baada ya kujifungua. Namba ya bajaji ya jirani anayelala na simu wazi iliandikwa hapo hapo chini.

Na kuna huzuni. Kuanzia kama siku ya tatu wazazi wengi hulia bila sababu, na hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, ama mzazi akashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, akakosa hamu ya chakula na ya mtoto, hayo ni maradhi na yana matibabu. Akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe mara moja. Binti aliona aibu kuliandika. Mwishowe akaandika: "Mama, wewe unanijua tangu zamani. Ukiniona siyo mimi, usiniambie nina uvivu wala usinitafutie mganga. Nipeleke kliniki, hata nikikataa." Katika barua nzima, hili ndilo ningemwomba kila mzazi asiliache.

Wageni na mama mkwe walipata mstari mmoja kila mmoja. Wageni wataonana na bibi sebuleni, na mwenye kikohozi atamwona mtoto siku nyingine. Mama wa mume alipelekewa salamu zake mwenyewe kabla mama wa Muheza hajafika, asije akasikia habari za ugeni kwa watu wa pembeni.

Ikiwa mama yako hawezi kuja, kwa ugonjwa, kwa mgonjwa anayemuuguza, au kwa kuwa ametangulia mbele ya haki, barua hiyo hiyo mwandikie shangazi, mama mdogo au dada mkubwa, lakini punguza unachoomba. Mama huombwa mwezi. Shangazi muombe wiki mbili za mwanzo, maji, kupika na zamu moja ya usiku, na mtafutie kwa pembeni mtu wa kufua kwa malipo. Mama mwenyewe akiwa mbali bado ana kazi ya simu: kila jioni aulize idadi ya nepi na namna mzazi alivyolala, badala ya kuuliza tu "hamjambo?"

Nauli ya kuja tuma pamoja na barua, hata kama mama ana uwezo. Ya kurudi mpe mkononi akishafika, aiweke mwenyewe. Mama asiye na nauli yake ya kurudi hana uhuru wa kukuambia amechoka, na mama aliyechoka usiku wa kumi na nne ni bora aseme, mpange upya zamu au wifi aitwe mapema.